Nilivyopata eneo la kiwanja cha pembe nne kwa kukigeuza pembetatu

Kiwanja cha mama mkubwa hakina kona hata moja iliyo mraba. Tulipokizungushia tepu tulipata AB mita 30, BC mita 18, CD mita 33.5 na DA mita 31.6. Nikaomba tupime pia ulalo wa kutoka B hadi D, ukatoka mita 36. Ulalo huo ni wa lazima, maana pande nne peke yake hazishiki umbo: linaweza kulalia upande huku kila upande ukibaki na urefu wake.

Jirani alishauri tuchukue wastani wa pande zinazotazamana, tuzidishe. Inatoa kama mita za mraba 787. Sikukubali, kwa sababu njia hiyo ni sahihi kwa mstatili tu; kwingine kote inaongeza eneo.

Nikachora kwa bikari, sentimita 1 ikiwakilisha mita 5. Nikachora ulalo BD, kisha nikarefusha AB kupita B. Kutoka C nikapiga mstari sambamba na BD hadi ukakutana na ule niliourefusha. Hapo nikaweka E. Nikaunganisha D na E.

"Sasa kona yangu ya C umeitupa wapi, mwanangu?" mama mkubwa akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole. Pembetatu BDC na BDE zina kitako kimoja, BD. Vilele vyake, C na E, viko juu ya mstari mmoja ulio sambamba na kitako hicho, kwa hiyo vimo vyake ni sawa, na maeneo pia ni sawa. Kipande cha BDC kimeondoka, BDE imeingia badala yake, na ABD haikuguswa. Kiwanja chote sasa ni pembetatu ADE.

AE ilikuwa sentimita 10, na kimo kutoka D sentimita 6. Nusu ya 10 mara 6 ni 30, na kila sentimita ya mraba ni mita za mraba 25 ardhini: jumla 750.

Mstari wa C lazima uwe sambamba na BD, si na AC. Ili kujiridhisha nilipima BDC peke yake: kitako 7.2, kimo kama 3.3, eneo karibu 12. BDE nayo ina kitako 4 na kimo 6, yaani 12 kamili. Zingepishana sana, ningejua rula iliteleza.

Kwenye mchoro huo, kukosea kimo kwa milimita 1 ni mita za mraba 12.5. Kwa hiyo nilirudia kwenye karatasi ya manila, sentimita 1 kwa mita 2. Kosa lilelile likashuka hadi mita za mraba 5, na eneo lililotoka kwenye mchoro huo wa manila ndilo tuliloandika.