Mahamri ya belo zima la unga

Maulidi ya Lamu yakikaribia, jikoni kwetu Langoni tuliombwa mahamri ya wageni: belo moja la unga, yaani paketi 12 za kilo mbili. Nilikabidhiwa karatasi yenye vipimo vilivyokwisha kuzidishwa mara 24, kwa hesabu kwamba vikombe 8 vya mamangu ni kilo moja ya unga. Sikukanda hadi nilipoihakiki.

"Mama, nichotee kama siku zote," nilimwambia, nikaweka mizani. Mamangu huchota akishindilia. Vikombe vyake 8 vilitoa gramu 1,160, wala si kilo moja. Kwa hiyo kilo 24 ni mara 20.7 ya kipimo chake, na kila kitu lazima kizidishwe kwa nambari hiyo hiyo. Sukari yake, gramu 200, inakuwa kilo 4 na gramu 140. Karatasi ilidai kilo 4.8. Tui, mililita 580, linakuwa lita 12, ilhali karatasi ilifika karibu lita 14. Unga ungetota, na hapo mtu huongeza unga mkavu, kisha sukari na hamira navyo havilingani tena.

Njia yangu ya kuhakiki ni kurudi kwenye kilo moja. Nagawanya kila kipimo kikubwa kwa kilo za unga, halafu nakilinganisha na kile kidogo kilichogawanywa vivyo hivyo. Sukari: 200 kwa 1.16 ni gramu 172 kwa kilo. 4,140 kwa 24 ni takriban hizo hizo. Imekubali.

Iliki ndiyo iliyogoma. Mamangu hutia kijiko kimoja cha chai, lakini karatasi iliandika vijiko 24 vya chakula. Kijiko cha chakula ni vitatu vya chai, kwa hiyo iliki ingezidi mara tatu na ushei na mahamri yangekuwa machungu. Vijiko 7 vya chakula vilitosha.

Hesabu ikishakubali, bado kuna saa. Hamira, gramu 11 zikiwa takriban 228, uwiano wake ni sahihi, ila haingoji mtu. Kusukuma na kukaanga kilo 24 huchukua muda mrefu, na kwa joto letu madonge ya mwisho huchacha: yananuka ukali, hayafuri vizuri karaini na yanashika mafuta. Sikupenda kupunguza hamira kwa kubahatisha. Nilikanda mafungu manne ya kilo sita, kila moja na sukari gramu 1,035, tui lita tatu na hamira gramu 57, nikiacha nafasi baina yao. Tui la nazi zote nililichanganya kwanza sufuriani, kwani lita tatu za tui zito na lita tatu za tui jepesi hazikandi unga sawa. Fungu la nne nilianza kulikanda la pili lilipokuwa karaini.