Nilivyoupigania mtambo wa barafu na ile asilimia 20 ya ofisi kuu

Mimi ni mhasibu wa tawi hapa Mwanza, kampuni inanunua sangara na kusindika, ofisi kuu ipo Dar. Mwaka juzi tulitaka kufunga mtambo wa barafu upande wa ziwani maana barafu tulikuwa tunainunua nje na wenye mitumbwi wa Kirumba nao wanaihangaikia kila siku, yani soko lilikuwepo wazi kabisa. Nikaambiwa niandae hesabu ya mradi nitume Dar. Naandika kwa sababu ushauri niliopewa kuhusu ovahedi, zile gharama za jumla kama utawala na ulinzi, ulikuwa mbovu kutoka pande mbili, na bado nawaona watu wanapewa ushauri ule ule.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi, kwa kukadiria. Mtambo pamoja na kufunga milioni 180. Mauzo milioni 120 kwa mwaka, umeme, maji, mafundi na matengenezo milioni 50, unabaki na 70. Miaka mitano, riba ya kupunguzia pesa za miaka ijayo ziwe thamani ya leo ni 16%. Kodi naiacha pembeni ili isomeke kirahisi.

Sasa Dar wana utaratibu kwamba kila tawi na kila shughuli inachajiwa 20% ya mauzo kama mchango wa ofisi kuu. Kwa hiyo mtambo ukabebeshwa milioni 24, ikabaki 46 kwa mwaka. Ukiweka kwenye Eksel

```
=NPV(16%,C5:G5)+B5
```

(B5 ni ile 180 ikiwa hasi, C5 mpaka G5 ni ile 46 ya kila mwaka) unapata thamani halisi ya sasa ambayo ni hasi ya milioni 29 na kitu. Mradi umekufa. Meneja wetu alikaa kimya kama dakika nzima, akasema basi dada, tuendelee kununua barafu.

Nilikataa. Nikampigia jamaa niliyesoma naye chuo, akaniambia kwa kujiamini kabisa, "Ovahedi haziingii kwenye mradi, futa mstari wote." Nikafuta. Tena sikuongeza kingine chochote, kila kinachoitwa utawala, ulinzi, bima, vyote nikaviona ni ovahedi. Ikatoka chanya ya milioni 49, nikafurahi, nikatuma Dar jioni ile ile.

Asubuhi mzee wa fedha akanipigia. Hakufoka, aliuliza tu taratibu, "Mdogo wangu, usiku pale ziwani mtambo analinda nani?" Nikamwambia mkuu mlinzi tunaye. Akasema huyo yupo geti la mbele, toka geti mpaka ziwani kuna mita ngapi? Nikanyamaza. Akaendelea, "Na pesa za barafu anapokea nani saa kumi alfajiri, wewe?" Hapo nikaelewa nimekosea, na kosa langu halikuwa dogo, maana mitumbwi inachukua barafu alfajiri na keshia wetu anaingia saa mbili. Nilikuwa nimeacha nje gharama ambazo zingelipwa kwa pesa taslimu kila mwezi kwa sababu tu jina lao linafanana na zile za kugawiwa.

Kilichoniokoa ni karatasi moja ya safu mbili. Niliacha kabisa kuuliza "hii ni ovahedi au sio", nikawa nauliza swali moja kwa kila bili: mwakani bila mtambo italipwa shilingi ngapi, na mtambo ukiwepo italipwa ngapi? Kinachoingia kwenye mradi ni tofauti tu. Na sikujaza mwenyewe kwa kukisia, nilimpigia anayelipa au anayelipwa bili husika.

Ofisi kuu nzima inatumia kama milioni 600 kwa mwaka. Pango la Dar: halibadiliki, tofauti sifuri. Mishahara ya wakurugenzi: sifuri. Magari yao, sifuri. Mhasibu mkuu nikamuuliza kama atahitaji mtu mwingine kwa ajili yetu, akasema hapana, ni ripoti moja ya ziada kwa mwezi. Angesema ndiyo naajiri, mshahara ule ungeingia wote, hata kama mtu anakaa Dar. Nikafika kwa wakaguzi wa nje nikitegemea sifuri nyingine, wao wakasema sehemu mpya maana yake siku ya ziada ya kuhesabu stoku, wataongeza laki 6. Hiyo ikaingia.

Halafu za huku kwetu. Mlinzi wa usiku wa ziwani, kampuni ya ulinzi inachaji laki 3 kwa mwezi, 3.6 kwa mwaka. Karani wa alfajiri laki 4 ukiweka na michango, 4.8. Bima ya mtambo 1.2. Jumla na wakaguzi milioni 10.2. Chumba cha mtambo kilikuwa kitupu na hakuna aliyewahi kukipanga, kwa hiyo sikuweka kitu, lakini kama kungekuwa na mpangaji tunamtoa basi kodi yake tunayoipoteza ningeiweka.

Angalia jambo hili maana wengi linawapita: kwenye ile milioni 24, iliyokuwa ya kweli ni laki 6 tu, na milioni 9.6 za kweli hazikuwemo kabisa kwenye ile 24. Kwa hiyo usifikiri utapunguza asilimia toka 20 mpaka 10 ukawa umepatia.

70 toa 10.2 ni 59.8, na thamani halisi ya sasa ikawa chanya ya milioni 15 na laki 8. Ndogo kuliko ile 49 niliyojivunia, ila hii niliweza kuisimamia mbele ya mtu yeyote.

Kwenye kikao mkurugenzi mmoja akabisha, na hoja yake ilikuwa nzito: kila mradi ukisema ofisi kuu sio yangu, nani atailipa? Nikamjibu kwa namba zao wenyewe. Mauzo ya kampuni ni bilioni 3, 20% ndio hiyo 600. Mkiukataa mtambo, ile 24 mnayosema ni yake haifutiki, mtaendelea kuikusanya kutoka kwenye minofu na matawi mengine kama sasa. Mkiukubali, ofisi kuu inatumia 600.6 na mtambo unaleta karibu milioni 60 taslimu za kusaidia kuilipa. Nikakubali pia kwamba tukileta miradi mitano kwa mpigo mhasibu mkuu hatatosha, na hapo mtu mpya ahesabiwe kwenye miradi hiyo mitano kwa pamoja, sio kila mmoja ujifanye haumhusu. Mzee wa fedha akatikisa kichwa kukubali, wakapitisha.

Kwenye vitabu vya kila mwezi bado wanatuchaji ile 20% na siwabishii, ule ni utaratibu wao wa kugawana. Ila nina faili langu la safu mbili na kila robo mwaka nalipitia na bili halisi. Ile 15.8 ukiigawa kwa 3.274, ambacho ndio kigawanyo cha miaka mitano kwa 16%, unapata nafasi ya milioni 4.8 za ovahedi mpya kwa mwaka kabla mradi haujageuka hasi. Kama gharama hizo zingeanza mwaka wa kwanza, lakini. Mwezi uliopita wameomba mlinzi wa pili, 3.6 nyingine. Nimemwambia meneja kaka huyu anaingia, ila baada yake, kwa kipimo hicho cha tangu mwaka wa kwanza, tumebakiwa na milioni 1.2 tu, na sitaki kusikia habari ya karani wa pili.