Nilivyoandika maswali ya kujipima ya moduli ya hesabu za biashara

Anayesoma kwa masafa hukaa na kijitabu peke yake, mara nyingi usiku baada ya kufunga duka. Akikosea, hakuna mwalimu wa kuchungulia daftari lake na kumwambia amekosea wapi. Kwa hiyo nilipopewa kuandika moduli ya hesabu za biashara ndogo, sehemu niliyoitumikia zaidi ilikuwa zoezi la kujipima pamoja na kurasa za majibu yake.

Nilianzia kwenye malengo mahususi, yale yanayoorodheshwa mwanzoni mwa moduli. Lengo lisemalo "kuelewa kodi" halikunisaidia, kwa sababu huwezi kumwona mtu akielewa. Nililibadilisha likawa "kukokotoa bei kabla ya VAT pale unapopewa bei yenye VAT ndani yake", na papo hapo swali likawa limejitokeza. Kila lengo lilipata angalau swali moja, na swali lisilokuwa na lengo nililitoa, hata kama lilikuwa zuri.

Swali hilo la VAT ndilo lililonifundisha namna ya kuandika mengine. Risiti inaonyesha shilingi 73,750, VAT ya 18% ikiwa imo ndani. Bei kabla ya kodi ni ngapi? Jibu sahihi ni 62,500, yaani 73,750 kugawa kwa 1.18. Kazi ngumu ilikuwa kutafuta majibu yasiyo sahihi, yaani vipotoshi. Sikubuni namba ovyo. Nilijiuliza mwanafunzi anaweza kupotelea wapi, kisha nikaikokotoa hesabu kwa njia hiyo hiyo yake. Atakayetoa 18% ya 73,750 atapata 60,475. Atakayeongeza kodi badala ya kuiondoa atapata 87,025. Atakayesimama njiani, akaandika kodi yenyewe badala ya bei, atapata 11,250. Sasa kila herufi anayoichagua inanieleza alichokuwa anafikiri.

Namba zenyewe pia nilizichagua kwa makusudi. Ningeweza kutumia risiti ya 59,000, ambayo jibu lake ni 50,000 kamili. Lakini njia ya kwanza ya kupotea ingempa 48,380, na mtu asiyejua lolote angeichagua 50,000 kwa vile tu imekaa vizuri machoni.

Kisha yakaja maelezo ya majibu. Vijitabu vingi huandika "1. C, 2. A" na kuishia hapo. Aliyekosa anabaki na herufi sahihi mkononi, lakini bado hajui alikosea nini. Mimi nilimwandikia kila mmoja kwa njia aliyopitia:

"Kama ulichagua A (60,475), ulichukua 18% ya bei ya kwenye risiti. Lakini ile 18% ilikokotolewa kwa bei ya awali, ambayo ni ndogo zaidi. Bei ya awali ni 100%, ukiongeza kodi inakuwa 118%. Kwa hiyo 73,750 ni 118%, nasi tunatafuta 100%. Hakiki: 18% ya 62,500 ni 11,250, jumlisha upate 73,750. Rudia sehemu ya pili, mfano wa kwanza, kisha jaribu tena kwa risiti ya 29,500."

Mstari wa kuhakiki nauona wa lazima, maana unampa njia ya kujisahihisha hata kwa risiti za dukani kwake. Na ile risiti ya mwisho ni ya kumpima upya, kwani akirudia swali lile lile atakuwa anakumbuka jibu tu. (Jibu lake, 25,000, nililiweka ukurasa mwingine.) Hata aliyepata C, yaani 62,500, nilimwandikia sentensi mbili za kueleza kwa nini C ni sahihi, kwa sababu wengine hupata kwa kubahatisha.

Kwa maswali ya kujieleza, kama "Kwa nini utenganishe fedha za duka na za nyumbani?", jibu moja la mfano halitoshi, maana mwanafunzi atalinganisha maneno yake na yangu na kudhani amekosa. Nilimworodheshea hoja tatu za kutafuta katika jibu lake, nikaongeza kwamba maneno yanaweza kutofautiana.

Kabla ya kupeleka kwa mhariri nilifanya majaribio mawili. Maswali peke yake nilimpa mtu ambaye hakuwa ameisoma moduli. Alilolipata bila shida nililiandika upya, kwa kuwa lilikuwa halipimi moduli. Kijitabu kizima niliwapa wanafunzi wachache, nikawaomba waache hesabu zao pembeni bila kufuta. Pembeni pale ndipo nilipokuta kosa ambalo sikulitarajia: kugawa kwa 1.8, wakisoma 118% kama 1.8. Jibu lao lilikuwa karibu 40,972, halikuwemo kati ya yale manne, wakakisia. Niliiondoa 87,025, ambayo hakuna aliyeichagua, nikaiweka 40,972 pamoja na maelezo yake ya nafasi ya nukta.