Elfu ishirini juu ya kaunta

"Hesabu, dada. Usije ukasema nimekupunja."

Ndivyo alivyosema Baba Pacha, dereva wa wageni wa hoteli yetu, Jumanne asubuhi, akaziweka noti mbili za elfu kumi juu ya kaunta, zimekunjwa mara nne kama hirizi. Nilikuwa nimemsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, ila bila ule utani wake wa kuniuliza kama posa imeshafika. Akageuka, akaenda kwenye Noah yake, akaondoka. Wiki hii hoteli imepata meneja mpya na kaka amepeleka mahari huko Rombo, lakini mimi nikifumba macho naziona noti zile mbili tu.

Mwanzoni nilikasirika. Miaka minne nampa kazi. Mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, wa kwanza kupigiwa simu ni yeye, si kwa huruma ila kwa sababu gari lake ni safi, lina namba nyeupe za biashara, na hajawahi kumwacha mgeni wangu amesimama nje na begi. Kamisheni ni asilimia 20 tangu nilipoingia pale mapokezi: nusu ya hoteli, nusu yetu wa dawati tunaogawana mwisho wa mwezi. Anajua. Sasa "usije ukasema nimekupunja" imetoka wapi? Lini nimewahi kumhesabia hela mbele ya watu?

Nilirudi nyumbani na hasira hiyo, nikaipakulia na ugali. Usiku usingizi uligoma, nikawasha taa, nikachukua nyuma ya fomu ya kufulia nguo za wageni nikaanza kuandika hesabu za safari yake ya Jumatatu. Nilitaka kujihakikishia kwamba nina haki.

Mgeni alilipa laki moja. Nikatoa elfu 20 yetu, ikabaki 80. Kwenda KIA na kurudi Moshi ni kama kilomita 80, na Noah ile ukiihesabia na kuzunguka mjini inakula petroli ya elfu 27. Ikabaki 53. Maegesho uwanjani elfu 3, ikabaki 50. Gari si lake, na tajiri mwenye gari anataka hesabu ya elfu 40 kwa siku, iwe kulikuwa na mgeni au hakukuwa. Ikabaki elfu 10. Mimi na hoteli, tusiotoa mguu nje ya geti, tumechukua 20. Aliyeendesha usiku kachukua 10.

Tena hiyo ni kama ndege ingefika kwa wakati. Mgeni aliandika kwenye barua pepe kwamba anatua saa 2 usiku, nikamtumia Baba Pacha ujumbe: saa 2, kibao cha jina kiko kwa mlinzi. Ndege ikatua saa 5. Halafu mgeni hakuwa ameomba visa mtandaoni, akapanga foleni ya kulipia dirishani, akatoka nje saa 6 na nusu. Baba Pacha alikuwa amesimama na kibao tangu saa mbili kasorobo. Walifika hotelini karibu saa 8 usiku, na saa 11 alfajiri alikuwa na wapanda mlima wa kupeleka geti la Marangu. Hakuweza. Kazi ile akampa mwenzake.

Kinachonichoma ni kwamba ningeweza kujua. Namba ya ndege ilikuwamo kwenye barua pepe, mstari wa tatu. Kosa la wengi wetu, nami nimo, ni kuangalia saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi. Saa hiyo haisemi kitu. Cha kuangalia ni kama ndege imeshaondoka kule inakotoka, na imeondoka saa ngapi. Ikichelewa kuruka kwa saa tatu, hakuna rubani atakayezifidia zote angani. Ningefungua Flightradar24, tovuti ya kufuatilia ndege, saa 12 jioni ningeona bado iko chini, ningempigia: Baba Pacha, kula kwanza, lala kidogo, toka nyumbani saa 4. Badala yake nilikuwa napanga mahari na dada zangu kwenye simu. Na swali la visa nalo ni la mstari mmoja tu: unayo tayari, au utachukua uwanjani?

Hapo hasira ikaanza kugeuka, ikawa kitu kingine nisichokipenda. Maana nimeona kinachotokea dereva akibanwa. Hakwambii. Analipa kimya kimya na kufidia kwingine. Mgeni akirudi jioni ananiuliza mbona dereva amemwambia safari ya kesho ya maporomoko ya Materuni ni bei nafuu akipiga simu moja kwa moja. Au alitakiwa kwenda maji moto ya Chemka, akazungushwa kwanza maduka mawili ya vinyago ambako dereva ana chake. Mwaka jana nilimfuta mmoja kwenye daftari kwa tabia hiyo, nikajiona mkali wa kazi. Sikukaa chini kuuliza alikuwa anabakiwa na shilingi ngapi. Kuna na yule wakala anayetuahidi asilimia 30 kwa kila mgeni wa Materuni. Nilipoenda kuchungulia, watu tisa wamebanana kwenye gari la saba. Ile 30 yetu lazima itoke mahali, na imetoka kwenye viti.

Alhamisi nikamfuata meneja mpya na ile fomu ya kufulia. Nilimwomba vitu viwili tu. Kamisheni ya kwenda na kutoka uwanjani ishuke iwe asilimia 10, kwa sababu petroli na hesabu ya tajiri havishuki. Na kwenye barua pepe ya kumthibitishia mgeni tuandike kabisa kwamba saa moja ya kusubiri baada ya ndege kutua ni bure, kisha elfu 10 kwa kila saa, nayo iende yote kwa dereva, sisi tusiiguse. Mgeni akijua mapema hanung'uniki. Hununa akiambiwa usiku amechoka. Meneja akaisoma fomu, akaigeuza upande wa mashati na soksi, akaigeuza tena. Akasema tujaribu miezi mitatu, na ya safari za siku nzima ibaki ilivyo kwa sasa. Wenzangu wa dawati hawajafurahi, mmoja hajanisemesha tangu jana. Gawio lao limekatwa nusu na mimi ndiye niliyeshika mkasi.

Jana nilimpigia Baba Pacha. Nilitaka kumwomba radhi, maneno yakakwama, nikajikuta namwambia kuna mgeni wa Jumapili, ndege nimeshaiangalia, ana visa, na kamisheni ni elfu 10. Akanyamaza. Nikasikia redio ya gari lake na mpiga debe anaita Himo, Himo. Kisha akasema, "Hiyo elfu 10 nyingine ni ya posa?" Nikacheka mpaka mlinzi akachungulia.

Bado sijui kama ile Jumanne alimaanisha nilivyoelewa. Pengine alikuwa na usingizi tu.

Nilitaka niandike na ya Rombo, lakini mama amepiga sasa hivi kutoka Kibosho: ng'ombe hajagusa majani tangu jana mchana, na mimba yake ina miezi minane. Daktari wa mifugo simu yake haipatikani.