Karafuu Zisizo na Mshono

Shangazi anatengeneza sabuni ya karafuu, na sasa anataka karatasi yake mwenyewe ya kuifungia, si ile ya maua ambayo kila duka linayo. Kazi ya kumtafutia mchoro nimeichukua mimi, nautengeneza kwa Midjourney, programu ya akili mnemba inayochora picha kutokana na prompti, yaani maelezo unayoiandikia. Jioni hii naandika yaliyonikaa kichwani kabla hayajapotea.

Kinachotakiwa si picha ya kupendeza. Kinatakiwa kigae: kipande cha mraba ambacho ukingo wake wa kulia unaungana na wa kushoto, na wa juu na wa chini, ili kikipangwa mara mia mtu asione kinapoanzia. Midjourney ina neno la kuongeza mwishoni mwa prompti, `--tile`, linalofanya kazi hiyo ya kuunganisha kingo. Mengine yote inabidi uyaseme mwenyewe. Prompti niliyobaki nayo ni hii:

```
seamless pattern, clove buds and small leaves,
scattered evenly, facing many directions, similar size,
flat two-color block print, plain cream background
--tile --no text, border, shadow, gradient
```

Kila neno hapo lina sababu. Nimekataa kivuli na rangi zinazofifia kwa sababu karatasi itachapwa kwa rangi mbili tu. Maandishi nimeyakataa kwa kuwa jina la sabuni likiachiwa mashine huweza kutoka na herufi zilizopinda. Nembo ya shangazi itawekwa baadaye, kwa mkono, juu ya mchoro. Hata rangi yake ya kahawia sikuihangaikia kwenye prompti. Programu hizi hazishiki namba kamili ya rangi, kwa hiyo ni nafuu kupata mchoro wa rangi mbili zilizo mbalimbali, kisha kuzibadilisha moja moja ukiwa unahariri.

Kukagua mshono ni rahisi. Naifungua picha ya pikseli 1024 kwa 1024 kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, naingia `Layer > Transform > Offset`, naweka 512 pande zote mbili na kuchagua `Wrap around`. Kingo zote nne zinahamia katikati, zikikutana kwa umbo la msalaba. Kama kuna jani lililokatwa au konyo lisilofika kwenye kichwa chake, litaonekana hapo hapo, na hapo ndipo pa kulirekebisha.

Ila kigae kikiwa hakina mshono bado hakijawa kizuri, na hili ndilo lililonifikirisha zaidi. Nilipokipanga nne kwa nne na kumwonyesha shangazi, hakutazama kingo hata kidogo. Alisogeza simu mbali na uso, akasema, “Mwanangu, mbona naona mistari?” Na kweli ilikuwepo. Karafuu moja ilikuwa nene na nyeusi kuliko wenzake, na pembeni yake kulikuwa na uwazi kidogo. Katika kigae kimoja hiyo ni karafuu tu. Katika vigae kumi na sita ni safu ya madoa yenye njia nyeupe kati yake, na jicho haliachi kuifuata. Maneno `similar size` na `scattered evenly` yalikuja baada ya jicho lake, na hata kwa maneno hayo nililazimika kuipunguza karafuu moja na kupachika jani kwenye uwazi. Pia napenda kushusha kila safu wima ya pili kwa nusu kigae, kwa sababu madoa yakikosa kukaa mstari mmoja jicho huchelewa kuyagundua, ingawa hapo kingo za kulia na kushoto hazikutani tena kama zilivyokuwa, na inabidi nizirekebishe upya.

Halafu kuna vipimo. Pikseli 1024 zikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa kigae cha karibu sentimita 8.7. Kwa karatasi ya zawadi kinafaa, lakini kwa kiboksi cha sabuni karafuu zinakuwa kubwa mno, kwa hiyo humo nakipunguza kiwe kama sentimita 4. Hesabu kamili ya sentimita 4 ni pikseli 472.44, nami naweka 472 kavu. Ukiacha sehemu ya pikseli, programu inautia ukungu ukingo, na kwenye chapa unatokea mstari mwembamba kama unywele kila kigae kinapoishia.

Kukuza nako kuna mtego wake, maana kikikuzwa peke yake kigae kinaweza kupoteza muungano wa kingo. Nakipanga tatu kwa tatu kwanza, nakuza chote, kisha nakata kile cha katikati.

Shangazi ameshaanza kuulizia kitambaa cha aproni za wasichana wa dukani. Kwa kitambaa, `facing many directions` inazidi kuwa ya lazima: karafuu zote zikitazama juu, fundi hawezi kugeuza kipande anapokata, na mita zinapotea bure. Na itakuwa kitenge, kwa sababu kanga ina pindo, mji na jina lake, na kigae kimoja cha kujirudia hakitoi hayo.