Minazi ya Mwambani, mashua ya Bagamoyo

Nilikuwa darasa la tano bibi alipotuchukua mimi na binamu zangu kwenda Mwambani kuangua nazi. Minazi ile babu aliwaachia watoto wake wote, haijagawanywa, na kila baada ya miezi mitatu hivi tulitoka Tanga mjini na magunia yetu na kifuo cha kufulia. Siku hiyo tulipofika tulimkuta mkwezi tusiyemjua yuko juu, nazi zinaporomoka, na chini kasimama mzee mmoja ana daftari, anahesabu. Wakaamkiana na bibi kwa adabu zote. Kisha yule mzee akamweleza kwamba minazi iko kwake rehani, na aliyeiweka ni mwanawe mkubwa bibi. Mpaka deni lilipwe, nazi ni zake.

Bibi hakusema neno. Aliinua uso akamtazama mkwezi, akamwambia: "Shuka taratibu mwanangu, mnazi huo una nyigu." Tukakunja magunia tukarudi. Usiku baba mkubwa alikuja kula kama kawaida, bibi akampakulia wali, akamchagulia na kipande kizuri cha samaki. Hakuna aliyemuuliza kitu, wala siku hiyo wala baadaye, mpaka wote wawili wakaingia kaburini.

Miaka mingi baadaye niliamua kuliandika jambo hili kama hadithi fupi. Watoto wa baba mkubwa wapo, tunazikana na kuozana, na sikuona haki ya kumweka mzazi wao hadharani. Nilikuwa likizo Tanga, Ramadhani, na usiku baada ya tarawehe nilikaa na daftari langu ukumbini.

Nilianza na majina, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yakinifunga mikono. Kila nilipoandika "baba mkubwa", kalamu ilimwamkia. Sikuweza kumtia maneno mdomoni, maana mtu aliyekulea unajua alichosema na unaogopa kumzulia asichosema. Nilipomwita Shomari, alianza kusema uongo wake vizuri, tena kwa sauti isiyokuwa ya baba mkubwa. Lakini jina lina kwao. Kwetu Tanga ungekuta kina Mhina na kina Semboja. Ningemwita hivyo halafu nikamweka pwani nyingine, msomaji angekaa akingoja aambiwe mtu huyu wa Bonde amefikaje huko. Shomari ni jina la Mrima, halisumbui mtu.

Mrima kwa sababu nilikwisha kuamua kuihamishia hadithi Bagamoyo. Minazi Bagamoyo ipo tele, ningeweza kuihamisha kama ilivyo, na kila mtu wa Tanga angeitambua chini ya jina jipya la kijiji. Nikajiuliza jambo lile lilihitaji nini hasa hata likatokea. Lilihitaji mali ya ndugu wote, inayoonekana kwa mbali, ambayo mwenyewe anaijua kwa macho, halafu aone mgeni yuko juu yake. Kwa mji wa wavuvi, hiyo ni mashua. Bibi wa Mwambani aliijua minazi kwa kuwa aliipanda kwa mkono wake. Bibi wa hadithi, Mwanahawa, anaijua mashua kwa kuwa tanga lake alilitia kiraka yeye, kwa nguo ya gunia la unga, na maandishi ya kiwandani hayajafutika.

Hapo mahali papya pakaanza kudai chake. Mnazi umesimama, unaufuata saa utakayo. Mashua inangojwa. Tukio ambalo Mwambani lilitufikia ghafla, Bagamoyo likawa la kusubiri: Mwanahawa kakaa mchangani tangu alfajiri na kapu lake, wanawake wanampa habari nusu nusu, wengine wanajua na wanakwepa macho yake. Kurasa bora za hadithi ile zilitoka hapo, na katika maisha yetu hazikuwamo hata kidogo.

Nilitaka pia maji yamekupwa sana, ili mashua itie nanga mbali na yeye asiweze kuifikia kwa haraka. Kukupwa kwa namna hiyo ni kwa bamvua, na bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu; siku hizo pwani yetu maji huwa yamekupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Lakini wavuvi wangu ni wa dagaa, wa karabai, na dagaa wa karabai hawavuliwi kwenye mbalamwezi, taa haiwavuti. Basi ikabaki mwezi mwandamo peke yake. Nikaifuta sentensi niliyoipenda sana, ya mwezi mkubwa juu ya bahari usiku wa kuamkia siku hiyo, nikaandika giza. Giza likafaa zaidi: usiku ule Shomari anaweza kupita nyuma ya nyumba ya mama yake asionekane.

Mwisho ndio ulionitesa. Kwetu kimya kile kilikuwa na maana kwa sababu tuliishi ndani yake miaka yote. Sahani ya wali ilituambia kila kitu. Msomaji hakuishi nasi. Anaona mwanamke ameona, amenyamaza, basi, na Shomari hajaguswa na lolote. Nikamfanya Mwanahawa avuke maji mpaka magotini, afike mashuani, na mbele ya watu wa mnada amwambie nahodha mgeni amtolee fungu la chombo, kama alivyokuwa akitolewa siku zote. Nahodha anajua Mwanahawa hana haki nalo. Watu wote wamemtazama. Shomari, aliyejificha kwenye kibanda cha wachuuzi, analazimika kutoka aseme mwenyewe liliko lile fungu.

Mwisho huo haukukaa mpaka niliporudi mwanzoni. Msomaji asiyejua kwamba pato hugawanywa, fungu la chombo, la nyavu, na la wavuvi, asingeelewa anadai nini. Ikabidi ukurasa wa pili niweke siku ya kawaida, Mwanahawa anapokea fungu lake na kulalamikia udogo wa dagaa. Na ikabidi nimbadilishe yeye mwenyewe: bibi yangu asingedai kitu mbele za watu. Mwanahawa nikampa ulimi, akatukana kidogo ukurasa wa kwanza, akagombana na muuza chumvi, ili akifika mashuani msomaji asishangae.

Kabla ya kuipeleka popote nilimsomea dada, binti mkubwa wa baba mkubwa, barazani kwake Ngamiani. Nilitaka kujua kama atamwona baba yake, na kwa hiyo sikumwambia ni habari ya nini. Alisikiliza anapepeta mchele. Majina hayakumshtua, mashua haikumshtua. Nilipofika mahali Shomari anapofuta miwani kwa ncha ya shuka huku akikwepa swali, ungo ukasimama.

"Huyu ni baba."

Nikamwambia ndiyo, imeanzia kwake.

"Sikatai. Lakini hiyo miwani nitolee."

Niliitoa palepale, mbele yake, nikampa Shomari tabia ya kukaza fundo ambalo limekwisha kukazwa. Dada akanitaka niendelee. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: Shomari alipotoka kibandani, alisema fedha alizipeleka wapi? Sikuwa nimeandika. Kwetu nyumbani hakuna aliyewahi kujua.

"Zilinitibu mimi," akasema dada. "Ule mwaka niliolazwa. Mama alinambia."

Akaendelea kupepeta. Nikamuuliza kama naweza kuliweka. Akafikiri, akanambia Shomari asiwe na binti. Awe na mtoto wa kiume, mdogo, na ugonjwa uwe mwingine. Nikaandika hivyo.