Kunde, mbaazi na njugu mawe: sufuria moja ilivyonifundisha kuhesabu saa

Nilipohamia Dodoma nilichanganya kunde, mbaazi na njugu mawe nikazibandika pamoja, sikuloweka hata moja. Baada ya saa moja na nusu kunde zilikuwa uji, mbaazi ndiyo kwanza zinalainika, njugu mawe unazing'ata zinagoma. Mama mwenye nyumba akachungulia akacheka: "Mwanangu, hizo za chini ungezibandika jana."

Wiki iliyofuata nikazipima moja moja, kikombe kimoja kila aina, kwenye jiko langu la mkaa.

Kunde hazina makuu. Zikilowekwa usiku huiva kwa dakika 40 hivi, zisipolowekwa ni kama saa moja. Kwa kuwa zilizolowekwa hupasuka upesi, siku hizi siloweki nikitaka zibaki nzima. Zina ladha ya udongo kidogo, na ugali wa uwele zinaendana.

Mbaazi nazilaza majini usiku kucha, kisha nazichemsha dakika kumi na kumwaga maji hayo ya kwanza, maana yana uchungu. Naweka maji mapya. Jumla ni saa moja na robo. Tui la nazi naliweka mwishoni.

Njugu mawe ndizo zilizonisumbua. Nilizoloweka usiku mmoja ziliiva kwa saa mbili na nusu. Ambazo sikuloweka zilipita saa tatu na nusu, nikaongeza mkaa mara mbili. Usidanganywe na ganda lililolainika: bonyeza punje kwa vidole. Ikimeguka na kutoa kiini kikavu cheupe kama chaki, bado. Ikibonyea kama kiazi, epua.

Halafu nikanunua nyingine, nikaloweka vilevile, zikavia! Sababu zilikuwa mbili. Kwanza zilikuwa za msimu uliopita, na punje iliyokaa muda mrefu kwenye joto hugoma kulainika. Pili, nilitumia maji ya kisima, yale yanayoacha utando mweupe ndani ya birika. Chokaa iliyomo hukaza ganda na nyama ya punje. Fungu jingine la njugu zilezile nililipika kwa maji ya mvua, likatangulia kwa zaidi ya nusu saa. Magadi kidogo husaidia, lakini ukizidisha chakula kinanuka sabuni.

Na bado nazipenda kuliko zote. Ladha yake ni kati ya karanga ya kuchemsha na kiazi kitamu, hazihitaji hata nyanya. Zikiwa mbichi na maganda yake, mvua zinapokaribia kuisha, nazichemsha na chumvi tu na hazifikishi muda wa zile kavu.

Nikitaka mchanganyiko sasa, zote nalaza majini. Njugu mawe hutangulia jikoni, mbaazi zilizomwagwa maji ya kwanza huingia baada ya saa moja na robo, kunde baada ya dakika 35 nyingine. Chumvi naweka nikikaribia kuepua.